Nilijua chuo kilinichukua kwa makosa, siku nilipoitwa ofisini nikaenda na vyeti vyote

Wakuu, kwema humu?

Nimekuwa msomaji wa kimyakimya kwa muda mrefu, nacheka kwenye nyuzi za wenzangu na kupita. Leo zamu yangu. Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza, na mahali nitakapoonekana kituko mjue nilikuwa kituko kweli.

Mimi ni binti wa Mgeta, huko juu milimani Uluguru. Kwetu ni karoti, njegere na kabeji, tunalima kwenye miteremko ambayo mgeni akisimama anatafuta cha kushika. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu kabla yangu. Nilipochaguliwa chuo kimoja hapa Moro mjini, mama alitangazia jumuiya nzima, na mpaka leo kuna wazee wananiita daktari wakati nasoma mambo ya kilimo.

Mimi mwenyewe niliamini system imekosea. Kwamba kuna mtu mwenye jina kama langu, nafasi ni yake, na siku moja watagundua.

Mnacheka, lakini niliishi hivyo mwaka mzima.

Tatizo la kuwa wa kwanza kwenu ni kwamba huna wa kumuuliza. Wenzangu walikuwa na kaka na dada waliopita chuo, wanajua supp, yaani mtihani wa marudio, ni nini, wanajua kumfuata lecturer ofisini ni kitu cha kawaida. Mimi nilikotoka, ukiitwa ofisi ya mwalimu umefanya kosa. Kwa hiyo sikuwahi kuuliza swali. Kila mwenzangu akiongea darasani nasema moyoni, yule anajua. Kumbe nilikuwa nalinganisha wasiwasi wangu wa ndani na sura zao za nje.

Sasa sikilizeni akili yangu ilivyokuwa inafanya kazi, maana hapa ndipo penyewe.

Test ya kwanza ya takwimu niliongoza darasa. Nikasema, mtihani ulikuwa rahisi.

Ya pili nikaogopa mno, nikasoma mpaka vitu ambavyo havipo kwenye silabasi. Nikaongoza tena. Nikasema, ni kwa sababu nimekariri kama kasuku, mwenye akili kweli hasomi hivi.

Ya tatu woga ukanizidi, nikawa nakwepa daftari, nafua, napanga chumba, nasoma dakika za mwisho. Nikafaulu vizuri tu. Nikasema, hiyo ni bahati.

Mnaona? Nikisoma sana, juhudi zimenibeba. Nisiposoma, bahati imenibeba. Hakuna matokeo ambayo yangenifanya niseme ninaweza. Na kila nikifaulu, napumua siku mbili hivi, halafu woga unarudi mkubwa zaidi kwa sababu sasa watu wanategemea makubwa.

Baada ya hiyo ya tatu, tukiwa tumeingia mwaka wa pili, CR, kiongozi wa darasa letu, akaniambia lecturer wa takwimu ananihitaji ofisini.

Wakuu, nilijua kimenuka.

Nilirudi geto, chumba nilichopanga Mwembesongo, nikachukua bahasha, nikatia vyeti vyote original. Form four, form six, cheti cha kuzaliwa. Nikaongeza na cheti cha ubatizo, nikijua jina la pale litasaidia kuthibitisha kwamba mimi ni mimi.

Lecturer mwenyewe ni mama mtu mzima; alipokea shikamoo yangu, akanikaribisha kiti, akaitazama bahasha. Akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni vyeti, endapo kuna utata. Aliangalia mpaka cha ubatizo, akavua miwani na kucheka hadi machozi, halafu akaniomba radhi kwa kucheka.

Alichoniitia ni hiki. Alitaka niwe naongoza tutorial ya takwimu kwa first year. Nimjibu kabla ya Ijumaa, nikikataa atamtafuta mwingine.

Mtu mwingine angeruka. Mimi nilitoka nikiwa nimeamua kukataa. Niliwaza, sasa nitasimama mbele, nitaulizwa swali nisilolijua, na wote wataona. Hasara yake naijua: ile nafasi niliitamani tangu siku ya kwanza nilipoona mtu anafundisha ubaoni.

Hapa anaingia Mashaka. Ni classmate wangu, Mnyamwezi wa kule Tabora, na sisi Waluguru na wao ni watani. Asiyejua utani wa makabila aelewe kwamba mtani ana ruhusa ya kukusema lolote. Kwetu watani wanakuja hata msibani, wanamtukana marehemu kwa kufa bila kuaga, na wafiwa wanacheka. Nimekua nikiyaona hayo.

Sasa Mashaka, matokeo ya test ya kwanza yalipobandikwa, alisema mbele ya watu kwamba huyu Mluguru alipanda lori la karoti kwenda sokoni, likamshusha chuoni kwa bahati mbaya. Watu walicheka, na mimi nikacheka. Kisha nikaiweka moyoni kama ushahidi. Walionipongeza siku ile walikuwa wengi, nikasema wananionea huruma. Aliyenitania nikasema huyu ndiye mkweli.

Mluguru mzima, nikamwamini mtani!

Alhamisi mchana, tukila chipsi nje ya geti, nikamwambia nakataa ile kazi. Akauliza sababu. Nikamweleza yote, pamoja na lile lori. Akaacha kula.

"Mtani, ningekuona huwezi ningenyamaza. Nani anamtania mtu anayezama?"

Akaendelea kwa sauti ya chini kwamba hata yeye ni wa kwanza kwao, baba yake analima tumbaku, na kila matokeo yakibandikwa anasubiri mimi niangalie kwanza maana anaogopa kuliona jina lake. Mashaka huyu huyu, mwenye mdomo kuliko darasa zima.

Kisha akanibana. "Zile alama zako ningezipata mimi, ungesema nini?"

Nikajibu bila kufikiri. "Ningesema una akili."

Tukatazamana, tukaanza kucheka mpaka muuza chipsi akatushangaa. Kwake nina mizani moja, kwangu nyingine. Nilikuwa nahukumu kesi ambayo hukumu yake nimeshaiandika.

Ijumaa asubuhi nilimwambia lecturer nakubali. Woga ulikuwepo palepale. Nilikwenda nao.

Siku ya tutorial ya kwanza, hata sijafika mbali, kijana mmoja akauliza kwa nini kwenye variance tunagawa kwa n kutoa moja. Fomula naijua, sababu siijui. Ile siku niliyoiogopa mwaka mzima ikawa imefika.

Nikasema, "Sijui. Tutafute wote."

Nikasubiri wacheke. Wakafungua madaftari. Binti mmoja wa mbele akaja ubaoni, tukachukua namba chache, tukatafuta wastani, tukautoa kwenye kila namba, tukaona tofauti zote zikijumlishwa lazima zilete sifuri. Kwa hiyo ukishazijua nyingine, ya mwisho haina uhuru wa kuwa chochote; zilizo huru ni n kutoa moja. Darasa likalipuka kwa furaha kana kwamba tumefunga goli. Mimi ndiye niliyepiga kelele zaidi.

Nilichojifunza: ile hisia si ushahidi. Bado inakuja, hasa nikifaulu, lakini sasa naiuliza, hiki ningemwambia rafiki yangu? Na maswali napeleka ofisini, bila bahasha.

Tulipomaliza nilijiandaa mtu aniulize nina sifa gani za kuwafundisha. Walikusanyika mlangoni, wakaniuliza kitu kimoja tu.

"Dada, wiki ijayo utakuwepo?"

Nitakuwepo.

Haya, wewe uliyekuwa wa kwanza kwenu, kikao kiko wazi: akili yako ilikudanganya nini? Na Wanyamwezi mliomo humu, tukaneni taratibu.