Mike Amejifungua

Phineas Shikanga alipoinama kuingia kibanda cha kutengeneza simu karibu na steji ya matatu ya Kakamega, Khalayi alimdhania mteja wa kioo cha simu. Mgeni alikuwa na shati la kazi lenye madoa ya grisi na simu iliyobanwa mkononi kama kuku anayetaka kutoroka. Khalayi akaanza moja kwa moja, maana mteja ukimpa nafasi ya kufikiri anaenda duka la pili.

"Lete nione, mzee. Kioo ama chaji?"

"Wewe ndiye wa *Simu Imekosea*?"

Hapo Khalayi akaweka bisibisi chini. Ukurasa huo wa Facebook ulikuwa wake, wenye wafuasi elfu arobaini, na ndio uliomlipia kibanda. Watu walimtumia skrinshoti za meseji ambazo simu imejisahihishia maneno kombo, yeye akachagua, akaweka. Wenye biashara za mji walilipa majina yao yakae chini ya picha. Wengine walikuja kulalamika. Alikuwa na jibu lao tayari.

"Kama ni yako nitaitoa. Hakuna jina wala namba hapo. Mimi hukata."

"Hiyo kukata ndiyo imenileta," Phineas akasema. "Bibi yangu anakufa."

Picha yenyewe Khalayi aliiweka ukurasani asubuhi hiyo. Imetoka kwenye kundi la WhatsApp la kwaya moja ya Iguhu, na ilisema: *Ndugu zangu, Mike wangu amejifungua mtoto wa kike lakini anavuja damu sana. Wanatafuta watu wa kundi la O hasi. Tafadhali msituangushe.* Chini yake mtu amejibu: *Hongera kwa Mike! Baba ni nani?*

Khalayi alipoiona mara ya kwanza alicheka mpaka chai ikamtoka puani, akamrushia aliyeituma kredo ya kupigia simu kama shukrani. Alijua mali nzuri. Kila wiki vijana walimletea za kubuni, maneno matano yameharibika katika sentensi moja, yote ya matusi, na jibu limeingia dakika ileile. Hazichekeshi. Mtu akikusudia kukuchekesha unaanza kumkagua, kama unavyomkagua mwuza nguo anayesifu nguo yake mwenyewe. Lakini asiyejua kwamba anauza kitu, unanunua bila kuuliza bei. Neno moja tu limekosea, limekaa sawasawa kwenye kiti cha neno la haki, na mwenyewe anaendelea kuomba kwa heshima zote huku Mike amelala wodi ya wazazi. Angeandika "mke", nani angepiga picha?

Alidhani ni kisa kilichokwisha, mama yuko nyumbani anakunywa uji.

"Ni lini hii?"

"Leo saa kumi na mbili. Walikuwa na chupa mbili tu za aina hiyo, wamemwekea zote. Ndugu zake tumewapima, hakuna inayolingana. Daktari amesema watangoja mpaka jioni, si zaidi."

"Kwa nini hukusahihisha? WhatsApp inakupa robo saa ya kubadilisha."

"Nilibadilisha, ikarudi Mike! Tena walikuwa wameshapiga picha, na picha haibadiliki. Nikaandika tena. Soma."

Akamnyooshea simu. Chini ya ile meseji kulikuwa na mbili ambazo Khalayi hakuzipata. *Sio Mike. Ni Mike. Simu inabadilisha.* Kisha watu kumi na wawili wakicheka. Kisha: *Mike anaenda na nyinyi mnacheka.* Kisha vicheko vingine.

Khalayi alihisi kicheko kikimpanda, akakimeza kama kidonge. Akafungua kibodi ya simu ile. Ilikuwa mpya, lugha moja tu ndani, Kiingereza. Kila alipoandika "mke" na kubonyeza nafasi, simu ilimwona mjinga asiyejua kuandika jina la mwanamume.

"Ukiandika, kabla ya nafasi, gusa neno lako hapa juu, mkono wa kushoto. Itakuachia. Nani alikuuzia simu bila kukuwekea Kiswahili?"

"Dada, sijaja shule."

"Sawa. Wataka nini, niitoe?"

"Ukitoa nitapata nini? Wameiona watu wangapi?"

"Elfu tisini."

"Kwa kwaya niliandikia watu sitini. Wewe una elfu tisini na umewakatia hospitali na namba yangu. Rudisha ile sehemu uliyokata."

Khalayi akaufungua ukurasa wake. Hakuwahi kuweka namba ya mtu. Ndiyo sheria iliyomfanya asishtakiwe. Tena Willis, mwenye kukodisha mahema ya harusi, alikuwa amelipia chini ya picha hiyo mpaka usiku. Harusi na mwanamke anayevuja damu havikai ukurasa mmoja.

"Nikiandika tangazo la damu, watapita," akasema. "Kila siku yanapita. Watu wanasimama kwa kicheko. Kwa hivyo naweka zote tatu, na hiyo ya 'Sio Mike, ni Mike'. Itakuwa mbaya kwako. Watakucheka Kenya nzima."

"Wacheke. Lakini waje."

"Na namba yako ikitoka haitarudi. Umesikia?"

"Weka, mama! Unanipangia bei ya nini?"

Akaweka. Hakukata chochote ila majina ya wanakwaya. Juu akaandika: *Hii ni ya kweli na ni ya leo. Anaitwa Emily. Bado anavuja damu.* Chini, hospitali, kundi la damu, namba.

Simu ya Phineas ikaanza kulia kabla hajatoka mlangoni. Alipokea ya kwanza, uso ukakunjuka, kisha ukakunjamana. Mtu ameuliza kama Mike ananyonyesha. Ya pili vivyo hivyo. Kwa ya tatu Phineas akatokwa na machozi.

"Lete hapa," Khalayi akasema, akamnyang'anya. "Wewe nenda ukakae na bibi yako. Nitakupigia kwa namba ya wodi."

Akaichomeka chaji akapokea zote mwenyewe.

"Naongea na Mike?"

"Damu yako kundi gani?"

"Ah, nilikuwa natania tu…"

Akakata. Swali lilikuwa hilohilo kwa kila mtu, na wacheshi hawana jibu lake. Wengi hawakujua kundi lao. Hao aliwaambia waende wapimwe. Saa saba Willis akampigia Khalayi kwenye simu yake Khalayi mwenyewe.

"Khalayi, jina langu liko chini ya maiti!"

"Hajakufa."

"Litoe. Na usinitafute tena."

"Nalitoa. Unajua damu yako kundi gani?"

Willis akakata.

Kufikia saa tisa watu ishirini na sita walikuwa wamefika hospitalini. Watatu walikuwa O hasi. Mmoja, msichana wa chuo, alirudishwa kwa kuwa damu yake mwenyewe ilikuwa pungufu. Mwalimu kutoka Malava na mkata miwa wa Kabras wakatolewa damu. Damu ilipimwa kwanza, na muda ule wa kupimwa Phineas alisimama nje ya maabara ameegemeza paji la uso ukutani, hazungumzi na mtu. Jioni Emily akaingizwa chumba cha upasuaji na chupa mbili.

Alipona. Kizazi kilitolewa, na yule binti ndiye mtoto wake wa kwanza na wa mwisho. Khalayi aliposikia alisema tu, "Afadhali," kisha akawahudumia wateja wawili bila kuwauliza wanataka nini.

Willis hakurudi, na wengine wawili waliolipia wakamfuata. Ukurasa ukakaa mwezi mzima bila tangazo. Picha ya Mike, Khalayi aliifuta kwake, akamwambia Phineas ukweli kwamba kwa wengine itaendelea kutembea. Ikaendelea. Wiki ya tatu Phineas alikuja kununua laini mpya. Ile ya zamani alikuwa nayo miaka kumi na miwili, kila mtu wa kiwanda alikofanya kazi na wa kanisa lake alimjua kwayo, lakini ilikuwa bado inalia mara thelathini kwa siku. Khalayi akamsajilia nyingine, akamwekea Kiswahili kwenye kibodi, na akamtoza bei ya kawaida.