Ulimi wa Plau Uliokwisha Kitale

Kiboko cha kwanza kilinipata shingoni, nikiwa nimeinama kumpimia mama mmoja chumvi. Cha pili kilipasua shati. Nilipogeuka nikamwona ni mteja wangu, mtu wa ng'ambo ya mto, macho mekundu, povu mdomoni, na kiboko kile cha ngozi anachofukuzia ng'ombe kimekwisha inuliwa mara ya tatu.

"Uliniuza!" akapiga kelele. "Uliniuza kanisani, wewe mutoto!"

Alinipiga kwa ajili ya barua. Nami niliiandika barua hiyo kwa moyo safi, tena kwa mwandiko wangu mzuri, na mpaka leo sioni mstari ninaoweza kuuonea haya.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita, chuma bado ni cha shida. Nilikuwa na kiduka cha mabati sokoni Kimilili: chumvi, mafuta ya taa, kamba, misumari, na vyombo vya kulimia kwa kuagizwa. Mteja huyu alikuja kabla ya mvua akaagiza ulimi wa plau, kile chuma cha mbele kinachopasua udongo. Wake ulikuwa umelika ukabaki mwembamba kama kifuniko cha sufuria, na mhunzi alipojaribu kuunyoosha ukakatika vipande viwili. Alilipa papo hapo. Nikamwambia, wiki ijayo mzee, utaufunga mwenyewe.

Nikadandia lori mpaka Kitale. Mhindi wangu wa jumla alinionyesha rafu tupu. Wazungu wa mashamba makubwa walikuwa wamekwisha tuma malori yao na kubeba kila ulimi uliokuwamo, hata ule wa kuonyeshea watu dirishani. Mzigo mwingine, akasema, uko njiani kutoka Mombasa kwa reli. Labda wiki tatu. Nilizunguka maduka yote ya mji ule nikiwa na kile kipande kilichovunjika mfukoni, nikakuta ndimi za saizi nyingine, za saizi ile hakuna. Nilirudi mikono mitupu, na mvua ikanipokea njiani.

Wenzangu sokoni walinishauri nifanye kama wao. Mteja akija, mwambie njoo kesho. Akija kesho, mwambie keshokutwa. Mimi nachukia maneno hayo. Mtu anatembea nusu siku kwa matope kuja kuambiwa kesho, na wewe unajua huna kitu! Nikakata karatasi kwenye daftari, nikaandika hivi:

"Mzee wangu, salamu. Ulimi wa plau ulioagiza haujapatikana. Nilikwenda mwenyewe Kitale, umekwisha madukani, na mwingine unatazamiwa baada ya wiki tatu. Nilikuahidi kabla ya kuuona kwa macho, na kwa hilo naomba radhi. Najua ng'ombe wako wamesimama na shamba lako halijaguswa. Ukitaka kungoja, wa kwanza kufika ni wako. Usipotaka, njoo uchukue fedha yako yote. Usije sokoni bure. Ulimi ukifika nitakuletea mwenyewe."

Nani angekasirika kwa barua kama hiyo?

Lakini yeye hakujua kusoma. Siku zile barua ya mtu wa ng'ambo ya mto ilipelekwa kanisani, na mwalimu wa kanisa aliisoma kwa sauti baada ya ibada, mbele ya watu wote. Ndivyo tulivyozoea. Barua za vijana waliokuwa vitani Burma zilisomwa hivyo, watu wakalia pamoja, wakashangilia pamoja. Hakuna aliyeona ni siri. Kwa hiyo mwalimu alisimama na karatasi yangu, akakohoa, akasoma neno kwa neno, na alipofika pale pa ng'ombe wamesimama na shamba halijaguswa, akaongeza sauti.

Kumbe mtu yule alikuwa amewaambia wakwe zake kwamba amekwisha lima. Mama mkwe alikuwa mjane, na alikuwa ameahidiwa kuletewa ng'ombe na plau mara tu shamba la mkwewe litakapokwisha kulimwa. Na mama mkwe huyo alikuwa kanisani, upande wa wanawake. Kwetu mtu na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapiti njia moja. Mmoja akimwona mwenziwe anaingia majanini. Sasa huyu alitajwa uongo wake mama mkwe akisikia. Vijana wakacheka. Mama yule akajifunika kichwa kwa kitambaa, akatoka nje.

Hayo niliyajua baadaye. Asubuhi ile ya soko nilijua kiboko tu.

Mimi si mtu wa kupigwa nikanyamaza. Cha tatu kilinichana sikio, damu ikaingia kwenye chumvi. Alipiga taa, kioo kikapasuka. Akapindua meza, akanikanyaga kifua, akisema, "Ulinivua nguo, bana! Mbele ya mama wa bibi yangu! Nitakuua!" Niliamini ataniua. Mkono wangu ukagusa jiwe la mizani, lile zito, sakafuni. Mkono wake wenye kiboko ulikuwa umeshika ukingo wa meza iliyopinduka. Nikapiga hapo. Nikapiga tena. Nilisikia mifupa, na nasema kweli, nilifurahi.

Wanaume wanne walitutenganisha. Alitembea kwenda kwao, mkono ameukumbatia tumboni. Wenzangu walitaka twende kwa chifu. Nilikataa, si kwa wema. Nilitaka apone haraka nimpige tena.

Mvua iliendelea. Mzigo ukafika Kitale, nami nilikuwa pale siku unafunguliwa, sikio limefungwa kitambaa. Mke wangu alinisihi niutume kwa mtu. Hakuna aliyekubali kuupeleka, waliogopa. Na barua nyingine sikutaka kuiandika. Nikavuka mto na ulimi ule begani.

Nilimkuta shambani. Mke wake, mjamzito, alikuwa analima kwa jembe, watoto wakimfuata wakitupa mbegu. Kipande walichomaliza hakikutosha kulisha kaya moja mwezi mmoja. Yeye alikuwa amekaa kando ya plau, mkono wa kulia umefungwa kwa vijiti na majani. Aliponiona alishika panga kwa mkono wa kushoto, akasimama.

"Umeleta askari?"

"Nimeleta ulimi wa plau, mzee. Umefika jana."

Aliuangalia ulimi begani mwangu, panga bado mkononi. Kisha mke wake akasema, "Baba, mvua itakwisha." Basi. Akaweka panga chini.

Alijaribu kufunga ulimi mwenyewe. Nati ilimponyoka, akaitafuta matopeni, ikamponyoka tena. Nikaichukua mkononi mwake bila kuomba ruhusa, nikaifunga. Mikono ya plau hakuweza kuishika pia, basi niliishika mimi. Yeye alitangulia na ng'ombe. Tulilima mpaka mchana pasipo neno ila amri za ng'ombe, na kesho yake nikarudi. Nilikuwa bado namchukia. Siku ya nne tulihamisha plau shambani kwa mama mkwe, naye hakutoka ndani mpaka tulipoondoka.

Mahindi yalitoka. Ugomvi aliuanza yeye, namwambia hivyo kila anayeniuliza. Lakini vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia havikukunjika tena, na mke wake akawa ndiye anayeshika plau kila mwaka, mtoto mgongoni.

Alirudi dukani baada ya mavuno kununua chumvi. Kwetu kumpa mtu mkono wa kushoto ni kumtukana. Alininyooshea wa kushoto, watu wakitazama. Niliupokea.