Katikati ya Kamba Mbili

Watoto wa darasa la tatu walimwita mwalimu wao Mama Kamba, na jina hilo hakulikataa. Asubuhi nyingi alionekana akivuka uwanja wa shule na mikoba miwili, mmoja wa madaftari, mwingine wa kamba za kuanikia nguo: moja nyeupe, moja ya kijani, kila moja imefungwa ncha kwa ncha ikawa duara kubwa. Alikuwa mwanamke wa arobaini na ushei, mwenye sauti ya chini, asiyependa makelele ya ofisi ya walimu. Chai yake aliinywea darasani.

Somo lake la seti lilianzia sakafuni. Madawati yalisukumwa ukutani, kamba zikatandazwa mbali mbali, kisha vikamiminwa vifungo alivyopewa na mdogo wake, fundi cherehani, pamoja na vifuniko vya chupa. Vitu vyekundu viingie kamba nyeupe, vyenye matundu viingie ya kijani. Mara kikatokea kifungo chekundu chenye matundu manne. Watoto walikipeleka huku, wakakirudisha kule, wakasukumana mpaka wakataka kutiana ngumi. Yeye akaendelea na chai yake. Mwisho mmoja wao akaivuta kamba ya kijani ikapanda juu ya nyeupe, pakatokea nafasi kama jicho katikati, iliyo ndani ya kamba zote mbili. Kifungo kikatiwa humo, wakapiga makofi. Kifuniko cha bluu kisicho na tundu kilibaki nje, naye akawaambia nje napo ni mahali, kisionewe huruma.

Baadaye walijichambua wenyewe: waliovaa sweta, waliovaa kandambili. Aliyevaa vyote viwili alisimama katikati, na hapo katikati watoto wenyewe walipaita "kwa matajiri", maana mtu wa pale ana viwili. Waligombania kuingia. Hata binti mmoja mkimya waliyemwita Taa, kwa kuwa mama yake aliuza mafuta ya taa na harufu ilimganda mpaka kwenye sare, alikuwa akiruka humo huku anacheka.

Ndipo jino likamlaza Mama Kamba siku nzima. Darasa lake, na kamba zilizobaki humo, akapewa mwalimu wa chumba cha pili, waliyemwita Tai, kwa vile hata jua liwake vipi hakuvua tai shingoni.

Aliporudi, shavu bado limevimba na mdomo una ladha ya damu, alitandaza kamba zake kama kawaida. Hakuwa amesema neno. Watoto wakakimbilia ukutani, wakajibanza wote nje ya kamba, wakatazamana. Taa peke yake akatembea polepole hadi katikati, akakaa chini, akainamisha kichwa.

"Mwanangu, mbona umekaa? Bado sijasema tunachambua nini."

Mvulana mmoja mwenye pengo akamjibia, tena kwa furaha ya mtu anayejua jibu: "Mwalimu, pale ndipo jalalani! Kamba hii wanaonuka, ile wasiojua kusoma. Yeye ana zote mbili!"

Darasa likacheka. Mama Kamba akameza mate na ile ladha ya damu. Alimnyanyua binti kwa mkono, akakunja kamba, akawapa watoto kazi ya kuchora.

Wakati wa mapumziko alimkuta Tai ofisini akila karanga, maganda yakimdondokea kwenye tai.

"Ulifanya nini na watoto wangu?"

"Aa, dada, nilikufundishia seti zako. Tena walielewa haraka kuliko vifungo vyako. Sifa mbili, mwenye zote mbili katikati, asiye nazo nje. Nimekosea wapi?"

"Yule ni mtoto."

"Na ananuka. Nimemsingizia?" Akachekea pembeni, akatema ganda. "Kesho ataoga, utaona. Hiyo ndiyo elimu inayoingia."

Walimu wengine walitazama vikombe vyao. Mmoja alitabasamu. Kilichomchefua Mama Kamba zaidi ya vyote ni kwamba yule mtu hakukosea hesabu. Kamba zilikuwa mahali pake, mtoto alikuwa mahali pake, na bado ulikuwa uchafu mtupu. Alitoka bila kuaga, maana angebaki angemtapikia viatu.

Jioni alimsimulia mdogo wake, aliyekuwa anapinda mashati.

"Zichome hizo kamba," mdogo wake alisema. "Nunua nyingine."

"Kamba hazina kosa. Nikizificha, katikati patabaki jalala vichwani mwao mpaka wazeeke. Na yule binti atabaki amekaa humo."

"Basi mchome Tai."

"Huyo moshi wake nani atauvumilia?" Wakacheka.

Kesho yake alitandaza kamba zilezile, zimepishana. "Nyeupe, mwenye kaka, mkubwa au mdogo. Kijani, mwenye dada. Haya, kila mtu aende mahali pake."

Hakuna aliyesogea. Mwenye pengo alikunja mikono. "Mimi sina kaka. Sina dada. Niko nje."

"Huna dada?"

"Sina kabisa, Mwalimu."

Pacha wake, msichana mfupi aliyezaliwa naye siku moja, alikuwa amesimama bega kwa bega naye. Akamgeukia macho yamemtoka. "We! Na mimi ni nani? Mbuzi?"

"Nyamaza."

"Jana usiku nani alikupa nusu ya mkate wake? Mbuzi?" Akamshika shati, akamburuta hadi ndani ya kamba ya kijani, yeye mwenyewe akaingia nyeupe, akampiga kofi la mgongo kwa kumalizia. Darasa zima likaangua kicheko, na safari hii kilikuwa kicheko cha kweli. Watoto wakaanza kuingia. Wa kaka upande huu, wa dada upande ule, na wenye wote wakajikuta wamebanana katikati, wakikanyagana vidole na kulalamika nafasi haitoshi. Mtoto wa pekee kwao alibaki nje, akajisifu kwamba kwao hakuna wa kumnyang'anya chakula.

Taa naye alikuwa nje, mgongo umegusa ubao.

Mama Kamba alimsogelea. "Una kaka, mwanangu?"

"Ninaye mmoja."

"Dada?"

"Wadogo. Wawili."

"Mahali pako wapi, basi?"

Binti alitazama katikati. "Hapa," alisema, akikanyaga pale pale aliposimama.

Halikuwa jibu. Mama Kamba alijua, na watoto walijua, maana walikuwa wakingoja asahihishwe. Akisema sawa, atakuwa amewadanganya juu ya kamba. Akimvuta, atakuwa amefanya alichofanya Tai, kwa mkono laini tu.

"Si hapo," alisema taratibu. "Lakini sitakuvuta."

Mlango ukasukumwa. Tai akachungulia, tai imenyooka, ameinua mkono kama anayeomba chumvi kwa jirani. "Dada, niazime kamba, leo nataka kuzitumia darasani kwangu."

"Hazitoki humu."

"Za shule hizo!"

"Ni za kuanikia nguo zangu. Funga mlango, Mwalimu."

Watoto hawakuwahi kumsikia akitumia sauti ile. Mlango ulifungwa. Alipogeuka, Taa alikuwa amevua kiatu kimoja. Alichechemea hadi ukingo wa kamba, akanyoosha mkono katikati ya miguu ya wenzake, akakiweka kiatu pale wenye kaka na dada walipobanana. Kisha akarudi nyuma.

"Kile kiko mahali pangu," alisema. "Mimi nitasimama huku."

Yule pacha wa kike, aliye katika kamba ya kaka, akakinyooshea kidole. "Mwalimu, tukihesabu wa katikati, na kiatu nacho tukihesabu?"

"Mhesabuni mwenye kiatu," alisema Mama Kamba.