Karatasi ya Kupimia Mafuta

Kocha wa timu yetu ya wanawake pale Katoro alikuwa na kipimo ambacho hakuna hospitali iliyowahi kukinunua: karatasi ya daftari. Unaweka chakula chako juu yake, anahesabu hadi kumi, kisha anainua karatasi juani. Ikipitisha mwanga, unaanzia benchi. Mafuta ni uzito, alisema, na uzito haukimbii. Jioni mtu huyohuyo alikaanga chipsi karibu na stendi. Tulipomuuliza, alijibu kwamba zile ni za wateja, si za wachezaji.

Mimi nilikuwa winga wa kulia, mkaidi tangu kuzaliwa, na mkaidi akiamua kutii hutii kupita kiasi. Kwa miezi nilikula ugali na mboga ya kuchemsha, maharage bila kuungwa, na hivyo navyo kidogo. Karanga niliacha. Parachichi nililipita sokoni nikiangalia pembeni. Nilifanya mazoezi alfajiri kabla ya kufungua genge langu la nyanya, na tena jioni. Jua la Katoro linawaka mimi nasikia baridi. Kisha siku zangu zikakoma.

Mwezi wa kwanza nilinyamaza. Wa pili nilimwambia mume wangu, na kwa simu yake mama mkwe alishahesabu. Ndoa yangu ilikuwa na miaka miwili bila mtoto, kwa hiyo alipanda basi kutoka Kharumwa na kuku mmoja, kibuyu cha samli, na kanga mpya ya kubebea mjukuu. Viatu vyangu vya mpira akavifungia sandukuni.

"Mjukuu wangu hapigwi kiwiko," alisema.

Mtaa mzima ukanipongeza. Kocha naye alikuja kuniaga na zawadi ya mayai sita ya kuchemsha. Viini alikuwa amevitoa.

Zahanatini mkojo ukapimwa mara mbili. Hakuna mimba. Muuguzi akaniuliza ninakula nini, nikamweleza mpaka habari ya karatasi. Akaweka kalamu chini, akaniomba nirudie hapo kwenye karatasi.

"Mwili wako unafanya kazi nyingi kwa chakula kidogo," alisema. "Mwili ukiona hivyo, unabana matumizi. Unaanza na uzazi, maana bila uzazi mtu anaishi. Ubongo unapunguza homoni zinazopevusha mayai. Na mafuta uliyoyakimbia yana nguvu nyingi, yanasaidia kutengeneza homoni hizo, tena kuna vitamini haziingii mwilini bila hayo."

"Nitazaa?" Nilikuwa nimeogopa kweli.

"Kula kwanza. Mazoezi punguza. Miezi mitatu kuanzia leo ikipita kimya, nakuandikia uende hospitali ya mkoa wapime damu."

Akaniambia niongeze chakula chote, wanga nao usibaki nyuma, na mafuta yawe kati ya robo na theluthi ya nguvu ninayopata kwa siku. Aliponiona nimekodoa macho, akanionyesha kwa mkono: karanga za kujaa kiganja, nusu parachichi, kijiko cha mafuta ya alizeti kwenye mboga, samaki au dagaa mara kwa mara, yai pamoja na kiini chake. Samli iwe kidogo tu.

Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni, alisikia neno samli akaacha kusikiliza. Kuanzia kesho yake alinisimamia asubuhi na kikombe kizima, cha moto.

"Kunywa, ng'wana wane. Mtoto wangu hawezi kukauka nikiwa na ng'ombe."

Viatu alinirudishia. Siku ya kwanza mazoezini nilikimbia raundi mbili na kikombe changu cha samli tumboni, nikatapika miguuni kwa kocha, na matapishi mengine yakaangukia karatasi yake. Akaiinua juani kwa mazoea. Ilipitisha mwanga vizuri sana.

Muuguzi alipopata habari akatuita wote watatu. Alieleza kwamba mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, hayaliwi mtu akiwa anaenda kukimbia, na mengi kila siku yana madhara yake vilevile. Kisha akafunga kijiko kidogo kwenye shingo ya kibuyu kwa uzi, akamwambia mama mkwe hicho ndicho kipimo. Kocha aliombwa karatasi zake. Alizitoa mfukoni moja moja.

Nikala. Baridi ikaisha, miguu ikarudi, lakini siku zangu zilibaki kimya. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Kila asubuhi mama mkwe alinitazama, nami nilitikisa kichwa.

Zilibaki wiki mbili ile miezi mitatu itimie tulipocheza na timu ya kutoka Geita. Kipindi cha pili nikasikia tumbo linakata, yale maumivu ya zamani niliyokuwa nikiyalaani kila mwezi. Nikanyoosha mkono nitolewe. Nilitoka uwanjani nalia na kucheka, kocha ananiuliza ni goti au kifundo. Nikampita, nikainama kwenye sikio la mama mkwe, aliyekaa na watazamaji.

Alisimama akapiga vigelegele mpaka mwamuzi akageuka. Wanawake wakasogea kuuliza kama ni mimba.

"Hana," alisema. "Hana mimba kabisa."

Akapiga tena. Kisha akaona bukta yangu nyeupe, akafungua mfuko wake, akatoa ile kanga ya mjukuu, akanifunga kiunoni.