Risasi ya Upande wa Nje

Kwa miaka ishirini na mbili Mwinyimvua alikuwa fundi matairi Bagamoyo, na hakuna gurudumu lililowahi kumkosesha raha kama la gari la Natalia.

Natalia, muuguzi anayepeleka chanjo Miono, alikuwa amefunga matairi mapya mbele. Akifikisha kilomita themanini kwa saa, gari lilirukaruka hata kwenye lami iliyonyooka. Mwinyimvua alivua magurudumu. Alilitundika moja kwenye ekseli kuukuu aliyoisimika gerejini, akaliachia. Likageuka taratibu mpaka upande mzito ukawa chini. Akagongea kipande cha risasi, ile metali nzito ya kusawazishia, kwenye ukingo wa rimu, mkabala na uzito ule, upande wa nje ambako mkono hufika kwa urahisi. Sasa gurudumu likawa linatulia popote alipoliacha. La pili akalifanya vivyo hivyo.

Kesho yake Natalia alirudi, akamwamkia, akasema, "Kuruka kumekwisha, fundi. Ila usukani unanitetemeka mikononi, kushoto na kulia."

Walitoka pamoja kwenye barabara ya Msata. Ni kweli: kiti kilitulia, usukani ukahangaika. Mwinyimvua alikagua jointi za usukani, hazikuwa na kasoro. Akayarudisha magurudumu kwenye ekseli, nayo yakatulia kama jana. Hilo ndilo lililomtesa. Chakula cha mchana hakukigusa. Alasiri alimwomba Natalia waende Tegeta kwa Haidar, kijana mwenye mashine ya kupimia magurudumu, ambayo yeye siku zote aliiita mapambo.

Mashine ililizungusha gurudumu kwa kasi, ikaonyesha kasoro mbili, ya ndani na ya nje.

"Uzito wa tairi uko ndani, mzee," Haidar alisema, "na risasi yako iko nje. Likiwa limetulia, vinalingana. Likienda mbio, ukingo wa ndani unavutwa huku, wa nje unavutwa kule. Haliruki tena, linayumba. Na hilo ekseli yako haiwezi kulionyesha, kwa sababu huonekana tu gurudumu likizunguka kwa kasi."

Akaing'oa risasi, akaweka nyingine upande wa ndani na kidogo nje, pale mashine ilipoonyesha. La pili likafuata.

Njiani kurudi usukani ulitulia kabisa. Natalia akawa anazungumzia safari yake ya Miono, lakini Mwinyimvua alikuwa hamsikii. Alikuwa anawakumbuka madereva waliomlalamikia usukani, naye akawaambia wabadilishe jointi.

Asubuhi alikwenda Mlingotini kumtafuta Hamidu, dereva wa gari la samaki, aliyebadilisha jointi mara mbili kwa kumwamini. Alimweleza yote bila kujitetea. Hamidu alitazama gari lake, kisha akauliza watakwenda lini Tegeta.

"Sasa hivi," Mwinyimvua akasema, akafungua mlango wa gari.