Mgomba Katika Barua ya Ufadhili

Mwanafunzi wangu wa kike aliingia ofisini na barua ya kumpendekeza kwa ufadhili wa shahada ya pili nje ya nchi. Barua ilikuwa imekwisha kuandikwa, na mwandishi alikuwa yeye mwenyewe. Kwetu Bukavu ndiyo desturi: mwanafunzi anajisifu, mwalimu anatia saini, sekretari anapiga muhuri, na sote watatu tunamshukuru Mungu.

“Prof, bado sinyatire yenu tu.”

Nikasoma. Alikuwa mwenye bidii, mwenye nidhamu, mwenye maadili mema, mwenye kuamka mapema. Barua safi sana. Ningeweza kumpa dereva, mlinzi wa lango, hata mbuzi wa mama mkwe wangu, bila kubadilisha neno.

Nikamweleza taratibu, kama ninavyoeleza kila mwaka. Watu wa kamati ya ufadhili hawakujui, na barua za wenye bidii wanazipokea marundo kwa marundo. Wanataka kusikia nimekufundisha nini, nilikuona ukifanya nini, na kwa nini jambo hilo linaonyesha utayaweza masomo yao. Tena barua naituma mimi, moja kwa moja kwao, kabla ya Ijumaa.

Nikaiandika upya. Kesho yake nikamsomea fungu moja ahakikishe ukweli. Lilihusu kipimo cha mvua alichosimika huko Walungu kwa utafiti wake wa mmomonyoko wa udongo. Mgomba ulikua pembeni, majani yake yakakifunika. Namba zilitoka nzuri. Hakuna ambaye angejua. Aligundua mwenyewe, akanijulisha, akazitupa namba za msimu mzima, akahamishia kipimo mahali pa wazi na kuanza upya, huku wenzake wakivaa joho.

Akashika kichwa. “Yesu! Prof, munawaambia nilikosea?”

“Ninawaambia uliliona kosa kabla yangu.”

“Iyi bursi ya masomo ikinipita, tonton, mjomba wangu, iko ananingoja ku depo yake ya pombe, nikauzishe. Mutoe mugomba, muache ile ya kuamka mapema.”

“Mama, hata jogoo anaamka mapema. Hajapewa bursi.”

Akacheka bila kutaka. “Basi mutume. Lakini nikiikosa, tonton atakuja kuwaona.”

Nikatuma, mgomba ukiwa ndani.

Kamati ilipomhoji kwa mtandao, haikugusa maadili yake mema hata kidogo. Iliuliza alijuaje kwamba namba zile hazifai, na kwa nini hakuzirekebisha kwa kukisia. Alijibu kwa raha, maana hakuhitaji kukariri. Ufadhili akaupata, tonton akatafuta muuzaji mwingine.

Habari zikaenea kitivoni na, kama kawaida yetu, zikaeleweka vizuri kabisa. Wiki iliyofuata vijana wawili walinijia na barua zilizokwisha kuandikwa, kila mmoja amejitungia kosa. Mmoja alikuwa ameunguza maabara yetu na kuijenga upya.

Hatuna maabara.

Nikamvutia kiti, nikamwambia ameanza vizuri, ana ubunifu. Kisha nikaanza kumweleza, taratibu.