Kidole Kwenye Tundu la Maiki

Dukani kwetu tunamwita Zumu, na jina hilo nilimpa mimi, kwa vile anapenda kuzumu, yaani kuvuta picha ya mbali ije karibu. Mweke huku, bibi harusi akiwa kule mwisho wa uwanja, hatapiga hata hatua. Atavuta picha mpaka umhesabie bibi harusi kope. Nilikuwa namuuliza, "Mwenzetu, hiyo miguu ni ya pambo?" Anacheka tu. Yeye ndiye anayepiga video za sherehe kwa simu, mimi nazikata na kuziunga kwenye kompyuta, kwenye chumba kimoja chenye pazia la picha za pasipoti na feni iliyogoma.

Mama yake alikuwa anaandamana naye kila kazi. Anabeba begi la chaja, anasimama nyuma ya bega la binti yake, halafu anaanza: yule kiatu kinambana, huyu analia machozi ya uongo, hawa watoto wamekula kweli? Mdomo haupumziki. Wateja wakalalamika kwamba video zao zina bibi anayesengenya wageni. Ndipo Zumu akanunua simu inayovuta sauti pamoja na picha.

Nieleze kidogo, maana wengine hudhani ni uchawi. Simu ile ina matundu matatu ya maiki: chini, juu, na kadogo kamoja nyuma, karibu na kamera. Sauti hufika tundu moja mapema kuliko jingine, kwa tofauti ndogo mno, na kwa tofauti hiyo simu hujua imetoka upande gani. Ukivuta picha, inabakiza zaidi sauti ya kule unakolenga na kupunguza ya pembeni na ya nyuma. Si kila mara inaweza. Jenereta likikaa nyuma ya msemaji, mstari mmoja naye, litakuja naye. Kwenye ukumbi wa vigae, mwangwi unarudi kutoka kila ukuta na simu inachanganyikiwa. Lakini mama aliyesimama nyuma ya kamera, uwanjani, alipungua vizuri kabisa. Tulifurahi wote. Mimi nilifurahi kupita kiasi, Mungu anisamehe.

Mama alifariki mwaka jana, ghafla, kwa presha.

Wiki chache baadaye Zumu alivuta kiti akakaa kando yangu. "Dada," ndivyo anavyoniita ingawa hatukuzaliwa pamoja, "nitafutie sauti ya mama. Sentensi moja tu, nzima."

Mama hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti. Alikuwa anapiga, ukipokea anasema njoo, anakata. Video za simu ya zamani tulishazifuta kupata nafasi; zilikuwepo za miaka mitatu ya simu hii, tukazifungua moja baada ya nyingine. Zote ni yale yale. Picha ikiwa bado pana unamsikia, "Mwanangu, hebu mwone yule..." halafu Zumu anavuta, na mama anazama. Zile za ukumbini, sauti yake imo, lakini imevurugwa na mwangwi hata hushiki neno.

"Si uirudishe," akaniambia. "Wewe si ndiye fundi?"

"Simu imehifadhi kilichokwisha kupunguzwa. Nikipandisha sauti, mvumo unapanda nayo. Nirudishe nini?" Nilimjibu kwa ukali. Nilikuwa najizuia nisilie.

Lilibaki faili la kazi mbovu. Humo kulikuwa na video ya mahafali ya chuo cha ushonaji, mteja aliikataa, na mimi nilimgombeza Zumu siku hiyo mpaka akanuna: alikuwa ameziba tundu la nyuma kwa kidole. Likizibwa, simu haina cha kutofautishia mbele na nyuma. Inategemea matundu yaliyobaki wazi, nayo yanasikia kila mtu, wa mbele na wa nyuma.

Nikafungua. Kwenye picha ni mkuu wa chuo, amevutwa karibu kabisa, midomo inacheza. Na juu yake, wazi kabisa, mama:

"Huyu naye hana kituo. Mwanangu, hujala tangu asubuhi, nimekuwekea kitu kwenye begi. Na toa kidole hapo, umeziba sikio la simu, dada yako atakugombeza."

Kisha mkwaruzo wa kidole kikiondoka, na mkuu wa chuo akabaki peke yake uwanjani. Mama aliendelea kuongea, namjua, hakuwa mtu wa kuishia hapo. Alisema nini, hatutajua.

Nilimkatia kipande hicho, akakiweka kwenye simu ile ile. Sasa kila asubuhi, kabla hatujafungua mlango, anakisikiliza, na mimi najifanya napangusa kompyuta. Kama anamwomba mama yake aendelee kuongea, sijui. Haniambii, nami simuulizi. Ila mama akifika pale pa "toa kidole", naona kidole cha Zumu kinatafuta lile tundu nyuma ya simu, kinalibonyeza, na hakiondoki.